Zamu Isiyomfikia

Mzee wa duka la vitambaa alipanda ngazi zetu asubuhi moja, akasimama mlangoni akipumua taratibu, akanisabahi kwa adabu zake zote. Aliniuliza hali, akauliza hali ya mamangu, na ya nyumbani kwa jumla, kisha ndipo akatoa simu mfukoni. Alikuwa amekwenda kliniki Jumatatu kupimwa damu, na Jumatano akapata ujumbe wa kumkumbusha aende kupimwa damu. Hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye ni mtu mzima, moyo wake una vali ya kutengenezwa, na akiona ujumbe kama ule hudhani kipimo cha kwanza kimepotea, halafu usingizi humruka.

Nilimwomba radhi. Mimi ndiye niliyeiandika programu iliyomtumia ujumbe ule. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la taa na nyaya, Mji wa Kale, na wakati ule tulikuwa watu wawili tu: mimi, na mwenzangu mmoja wa bara ambaye siku mbili kwa wiki husomesha kompyuta kwenye chuo kile cha ufundi kilicho karibu na Buxton. Kliniki ilikuwa ndogo, ya hisani, yenye wagonjwa wa moyo wanaomeza dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo haina mchezo. Ikizidi, mtu hutoka damu ovyo. Ikipungua, damu huganda ndani, na bonge moja likipanda kichwani basi. Kwa hiyo kila mmoja hupimwa kila baada ya wiki kadhaa, na daktari huongeza dawa au huipunguza. Zamani walikuwa na kadi za karatasi zilizoandikwa tarehe. Nikawaambia kadi hupotea na huloa maji, tuandike programu itakayowatumia ujumbe kila mmoja wiki yake ikifika. Wakakubali, kadi zikaondolewa. Nilijivunia sana jambo hilo.

Mzee alipoondoka niliketi nikaongeza mistari miwili katika programu. Ilikuwa na orodha ya watu wa wiki ile, na kitanzi kinachompitia mmoja baada ya mwengine na kumtumia ujumbe. Nikaiambia: ukimkuta aliyekwisha kupimwa, mwondoe orodhani, asiyepimwa, mtumie. Mwisho, orodha iliyobaki ipelekwe kwa muuguzi kama orodha ya waliokumbushwa. Ilinichukua muda mfupi tu. Niliijaribu kwa wagonjwa watatu wa kubuni, nikaona sawa, nikaiweka kazini. Mzee hakusumbuliwa tena.

Sahibu yangu naye alikuwa mgonjwa wa kliniki ile. Tulisoma dawati moja tangu tukiwa wadogo, tukatoka damu puani siku moja kwa kugongana vichwa, tukapigwa pamoja. Yeye alipougua homa ya viungo utotoni, ugonjwa uliingia moyoni ukaula polepole, na alipofika umri wa kuolewa alikuwa akipanda ngazi tatu tu na kuketi. Watu walichangishana, akapelekwa India akawekwa vali. Ukikaa naye chumbani kimya kimya ungeweza kuisikia ikigonga, ndogo kama saa ya mkononi. Alikuwa akisema hiyo ndiyo saa yake, haihitaji betri. Alisomesha watoto wadogo kusoma, wale wa mwaka wa kwanza, na kazi hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Mimi ndiye niliyemshauri ajiandikishe kliniki ile. Alijiandikisha asubuhi moja na mzee wa vitambaa. Mzee alikuwa mbele yake kwenye benchi. Mzee akapewa namba mia na kumi na sita, yeye mia na kumi na saba.

Siku moja alikuja ofisini baada ya skuli, kabeba mkoba wenye madaftari ya watoto. Akaniambia kwamba mwezi ule ujumbe haukumjia. Alikuwa ameungojea, akaona kimya, akadhani tarehe bado. Baadaye akahesabu mwenyewe kwa vidole akajua amechelewa wiki mbili. Alikwenda, damu yake ikaonekana imeanza kuwa nzito, daktari akamwongeza dawa na kumtaka arudi baada ya wiki mbili badala ya nne. Alinisimulia haya akicheka, kama mtu anayesimulia jinsi basi lake lilivyompita asilione.

Nilimwambia nitatazama.

Nilitazama namna nilivyozoea. Tangu nijifunze Python, lugha niliyoiandikia programu ile, kosa likinisumbua huweka print, amri ya kuandika neno kwenye kioo cha kompyuta. Naweka moja juu, moja katikati, moja chini, naendesha programu, nasoma kinachotoka kwenye kioo. Nikiwa bado sielewi naongeza nyengine. Siku ile nilichukua nakala ya data ya wiki ambayo ujumbe haukumfikia, nikazima sehemu ya kutuma ili watu wasipate ujumbe wa bure, nikaanza. Print ya kwanza, kabla ya kitanzi, ilinionyesha jina lake limo. Ndani ya kitanzi niliweka moja inayosema "nimefika hapa." Na ya mwisho, baada ya kitanzi, ikaonyesha orodha ya waliobaki, yaani waliokumbushwa. Jina lake limo. Katikati mistari ilishuka kwenye kioo: nimefika hapa, nimefika hapa, nimefika hapa. Sikuihesabu. Kwa nini niihesabu? Jina niliona likiingia, na nikaona likitoka.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasoma kile kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefika wapi?"

Nilimweleza. Akaniambia niache print, nitumie dibaga. Ni chombo kinachokuja na Python yenyewe: unaweka kituo kwenye mstari unaoutaka, programu ikifika hapo inasimama, haifi, inakungoja. Hapo unaweza kuiuliza mgonjwa aliyeshikwa sasa ni nani, orodha ina watu wangapi, kisha unaisogeza mstari mmoja mmoja, ukitazama kinachobadilika. Alikuwa ameshanieleza hayo mara nyingi. Nami mara zote nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya darasani, ya watu wenye nafasi. Ule mfumo wa herufi moja moja, n ya kwenda mstari unaofuata, p ya kuonyesha, c ya kuendelea, ulinikera; niliuona kama kumpeleka mtu sokoni kwa kumshika mkono.

"Dakika kumi," alisema. "Nitakaa nawe."

Nilimwambia sina haja. Jina lake nimeliona limetoka upande wa pili. Programu imemtumia, simu ndiyo haikupokea.

Hakubishana. Si mtu wa kubishana. Alikwenda kuketi mezani kwake.

Nikampigia sahibu yangu nikamwambia kosa si la programu. Nikamwambia simu yake imejaa, simu ikijaa hukataa ujumbe, afute vitu asivyovihitaji. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema nimeona kwa macho yangu. Akanishukuru. Alinishukuru kweli, kwa sababu nimejisumbua kwa ajili yake.

Wiki ya kurudi kliniki ikafika, ikapita. Muuguzi alikuwa na orodha yake ya waliokumbushwa, jina la sahibu yangu limo, kwa hiyo hakumpigia. Yeye naye, simu yake imeshasafishwa, alikuwa akiungojea ujumbe. Muuguzi alimtajia tarehe kwa mdomo siku aliyopimwa, hilo kweli, lakini ilikuwa wakati wa mitihani ya watoto, na mtu aliyezoea kukumbushwa huacha kukumbuka. Nami mwenyewe nilimzoesha.

Alianguka darasani, asubuhi, akiwa anaandika ubaoni. Watoto walidhani anawachezea. Alikuwa na mzaha wa kujifanya amelala ili wamwamshe kwa kusoma neno kwa pamoja, wakalisoma lile neno, wakalirudia, mpaka mmoja akaenda kumwita mwalimu wa darasa la pili.

Niliarifiwa adhuhuri. Nilipofika hospitali mamake alikuwa ameketi kwenye ukumbi, buibui lake limetapakaa vumbi la chaki upande mmoja, kwa sababu alimkumbatia. Aliniambia ni kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Nikaketi karibu naye. Baada ya muda akauliza, si mimi hasa, aliuliza tu, imekuwaje damu ikaganda na dawa anazimeza kila siku. Daktari kijana akapita, akasema dawa ilihitaji kuongezwa, na rekodi inaonyesha hakwenda kupimwa. Mamake akasema hilo haliwezekani. Huyu hukaa na simu mkononi kwa ajili ya ujumbe wa kliniki.

Nilimuaga mamake nikasema narudi.

Kesho yake, Jumamosi, mwenzangu alikuwa amekwenda Mwembe Tayari kumpokea mamake mzazi aliyekuja na basi la usiku kutoka bara. Nilimpigia nikamwambia nahitaji zile dakika kumi. Nadhani alisikia kitu katika sauti yangu, maana hakuuliza. Alimfikisha mamake nyumbani, akaja ofisini bado amevaa shati la safari ya mapema, akavuta kiti akaketi kando yangu. Duka la chini lilikuwa limefunguliwa, mtu anajaribu taa, zinawaka na kuzima. Nikafungua nakala ya data ya wiki ile ya pili, ambayo sahibu yangu hakupata ujumbe tena. Nikazima kutuma. Nikafuta print zangu zote.

Aliniacha niandike mimi. Aliniambia niendeshe programu ndani ya dibaga, kisha niweke kituo kwenye mstari wa kwanza ndani ya kitanzi, ule unaouliza kama mgonjwa amepimwa. Lakini tusisimame kwa kila mtu, akasema, wako wengi. Kituo kinaweza kupewa sharti. Tukakiwekea sharti: simama pale tu namba ya mgonjwa inapokuwa mia na kumi na saba.

"Tumngoje yeye," alisema.

Nikaandika c, programu iendelee mpaka itakapokutana naye.

Haikusimama. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, ikaandika kwamba programu imemaliza na itaanzishwa upya. Nilidhani nimekosea namba. Nikaangalia, namba ilikuwa sawa. Nikaangalia orodha, alikuwamo. Nikarudia. Ikapita tena mpaka mwisho bila kusimama.

Mwenzangu aliinamia kioo akasoma. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto mbele ya mzazi wake: "Hakufikiwa. Zamu yake haikuja kabisa."

Nilitaka kujua kwa nini, ingawa nusu yangu haikutaka. Akaniambia nibadilishe sharti, tumkamate aliye mbele yake. Nikaandika mia na kumi na sita. Nikaandika c. Safari hii ikasimama. Nikauliza kwa p mgonjwa ni nani, likatoka jina la mzee wa vitambaa. Nikauliza orodha ina wangapi: thelathini na mmoja. Nikauliza nani yuko nafasi ya baada yake, likatoka jina lake yeye, sahibu yangu, herufi zake zote, amesimama nyuma ya mzee kama siku ile kwenye benchi.

Nikabonyeza n. Mzee amepimwa, basi mshale unaoonyesha mstari uliofikiwa ukaenda kwenye mstari wangu wa kumwondoa. Nikabonyeza n tena. Ameondolewa. Nikauliza orodha ina wangapi: thelathini. Mshale ukarudi juu ya kitanzi. Nikabonyeza n, ukaingia ndani tena, na nikauliza mgonjwa sasa ni nani.

Likatoka jina la mtu mwengine. Yule wa nyuma ya sahibu yangu.

Hapo nikaelewa, na sikuhitaji kuelezwa. Kitanzi cha Python hakimshiki mtu kwa jina, kinashika nafasi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee alikuwa nafasi fulani. Nilipomtoa wakati kitanzi bado kinatembea, wote wa nyuma walisogea hatua moja mbele. Sahibu yangu akakaa pale mzee alipokuwa. Kitanzi, ambacho kilikuwa kimeshaipita nafasi hiyo, kikaenda kwenye inayofuata. Yeye akarukwa. Na kwa kuwa hakuondolewa, jina lake lilibaki orodhani mpaka mwisho, likatoka kwenye print yangu ya chini, na kwenye karatasi ya muuguzi, kama mtu aliyekumbushwa. Wagonjwa wangu watatu wa kubuni hawakuwa na aliyepimwa hata mmoja, ndiyo maana niliona sawa. Na ile mistari ya "nimefika hapa" ilikuwa ikisema kweli: kwa kila aliyefikiwa, ilisema amefikiwa. Kwa asiyefikiwa haikuwa na la kusema.

Mzee alikuwa mtu wa kuwahi. Kila mwezi alikwenda kupimwa siku mbili kabla. Ndiyo maana kila zamu zao wawili zilipoangukia wiki moja, sahibu yangu alirukwa. Mara ya kwanza alichelewa wiki mbili, akaambiwa arudi baada ya mbili, na hesabu hiyo ikamrudisha palepale nyuma ya mzee.

Nilitazama saa ya kompyuta. Tulikuwa tumekaa dakika kumi na moja.

Mwenzangu hakusema lolote kuhusu ile siku ya chai. Hakusema wakati ule, wala hajasema mpaka leo. Aliinuka akafunga mlango ili watu wa ngazini wasinione, akaketi tena, akangoja. Nilipoweza kuona herufi tena nilirekebisha. Marekebisho yenyewe ni maneno machache: kitanzi kitembee juu ya nakala ya orodha, si orodha ile ile inayopunguzwa. Tukaipitisha tena na kituo kwenye namba mia na kumi na saba. Ikasimama. Nikauliza mgonjwa ni nani, na jina lake likatokea kwenye kioo, na mshale ukielekea kwenye mstari wa kumtumia ujumbe. Sikuibonyeza n. Nikaifunga programu.

Kisha nikampigia daktari mkuu wa kliniki, mama wa makamo, mkali, nikamwambia kila kitu kwa mfululizo bila kujitetea. Aliuliza kama kuna wengine. Tulipitia wiki zote tangu nilipoongeza ile mistari miwili. Walikuwako wengine saba. Muuguzi alifunguliwa kliniki Jumamosi ile akawapigia mmoja mmoja, mimi nikiwa nimeketi kwenye benchi nikisikiliza kila anapopokea mtu. Wote saba walipokea, wakaja kupimwa. Wawili damu zao zilikuwa nzito sana, wakaongezwa dawa siku ile ile. Daktari aliniambia nirudishe kadi za karatasi, zitumike pamoja na programu, na kwamba hatanifukuza kwa sababu anataka mtu anayejua kosa lilikuwa wapi. Hakunifariji, nami sikustahili.

Kuhusu sahibu yangu aliniambia kweli kama ilivyo: pengine kipimo kingemwokoa, pengine bonge lingefika hata hivyo, hakuna wa kujua. Watu wamenirudishia maneno hayo mara nyingi wakidhani ni zawadi.

Nilikwenda kwa mamake Kibokoni siku ya tatu. Nilimsalimu, nikamshika mkono, nikamwambia. Nilitafuta maneno mepesi, nikasema nimeandika kitu vibaya, kikamruka mwanawe, na aliponiambia sikumsikiliza, nikasema ni simu yake. Alikuwa akikunja kanga za mwanawe za kupeleka hospitali. Aliendelea kuzikunja mpaka ya mwisho.

"Ulimwambia afute," alisema.

Nikasema ndiyo.

Akaniambia kwamba simu ile ilikuwa na sauti ya mwanawe. Alikuwa na desturi ya kujirekodi akiwasomea watoto hadithi, polepole, neno kwa neno, ili wazazi wasiojua kusoma wawasikilizishe watoto nyumbani. Miaka minne ya sauti. Alipoambiwa simu imejaa, aliona hizo ndizo zinazochukua nafasi kubwa, akakaa hapa kitandani akazifuta moja moja, akisema hakuna neno, mwaka ujao atarekodi nyengine, safari hii vizuri zaidi.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Alijua sijala, lakini hakuniandalia chochote, na katika maisha yangu yote nyumba ile haikuwahi kuniacha niondoke bila ya kitu mdomoni.

Mzee wa vitambaa sikumwambia. Hakukosa chochote, alikwenda kupimwa kwa wakati na akaomba asisumbuliwe bure. Hupita ofisini mara moja moja kunisalimu, huniuliza hali ya nyumbani, nami humjibu njema, alhamdulillahi.

Nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Ninaposhuku kitu, nasimamisha programu palepale, nauliza, nasogea mstari mmoja, nauliza tena. Ninaandika majaribio yenye watu wa kila aina, waliopimwa na wasiopimwa, wawili wakifuatana, wa mwanzo, wa mwisho. Mwenzangu huniita darasani kwake huko Buxton mara moja kila muhula nikawaonyeshe vijana kitanzi kile. Nawapa wakifuate kwa print kwanza, waseme ni sawa, na wengi husema ni sawa. Kisha tunaweka kituo. Sijawaambia kamwe namba zile zilikuwa za nani. Muhula uliopita binti mmoja aliyeketi mbele aliuliza kama kosa dogo namna hii linaweza kumdhuru mtu. Mwenzangu akanitazama. Nikamjibu kwamba linaweza, nikaendelea na mstari unaofuata.

Sahibu yangu alitoka hospitali baada ya wiki tano. Anatembea, kwa fimbo. Maneno hayajarudi ila machache. Jambo la ajabu ni kwamba sura fupi tulizohifadhi pamoja madrasani utotoni anaweza kuzisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama, sauti ile ile, na akimaliza hawezi kuomba maji. Mtaalamu wa matamshi anasema hivyo huwa. Vilivyohifadhiwa vinakaa mahali pengine. Nilikuwa nikienda kila Jumanne, naketi karibu naye, tunasoma pamoja, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee tulichoweza kusema wote wawili.

Siku moja, mamake akiwa jikoni, nilimwambia yeye mwenyewe. Sikuweza kukubali aijue habari yangu kwa mtu mwengine, au asiijue kabisa. Nilimweleza polepole: haikuwa simu yako, ilikuwa kazi yangu, uliniambia nami sikutazama vizuri. Alinitazama usoni muda wote. Midomo yake ikajaribu kitu, ikajaribu tena, na jasho likamtoka kwa kujitahidi. Kilichotoka ni "hapa." Akasema "hapa, hapa," akapiga mkono wa kushoto kwenye mkeka, na machozi yakamshuka. Sijui alikuwa akiniambia nini. Nilimuuliza kama anataka niondoke, akatikisa kichwa, na kwa siku zile kutikisa kwake kuliweza kuwa ndiyo au la.

Mamake aliingia akamkuta hivyo. Hakunikasirikia. Alimfuta uso, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba daktari hataki achemke moyo, na kwamba ingekuwa kheri nipumzike kuja kwa muda. Nilimuuliza muda gani. Akasema ataniita.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Jumanne bado naiacha wazi. Sipangi kazi mchana, wala mwenzangu hanipangii.